Kugeuza darasa kama nyumbani hakuna simu wala pa kukaa: mwongozo kamili kwa ticha wa shule ya kutwa

Kila semina siku hizi lazima atokee mwezeshaji na slaidi zake atuambie habari ya darasa geuzi, kwamba mtoto aangalie somo nyumbani kwa video alafu akija shule mfanye mazoezi pamoja, na kila mara kuna mtu wa viti vya nyuma anauliza hiyo video ataiangalia kwa simu ya nani, watu wanacheka, semina inaendelea. Swali lile halijawahi kujibiwa vizuri nikiwepo. Mi nafundisha Fizikia huku Kigoma, shule ya kata, wanafunzi wa kutwa wanaotoka Ujiji, Gungu, Kibirizi na hapo katikati, darasa la watoto 64, na jibu langu ni kwamba ule mtindo kama ulivyo haufanyi kazi hapa, ila kuna kipande chake kimoja kinafanya kazi na hakihitaji simu hata moja. Ntaeleza kinavyofanyika kwa mada moja ya Fomu wani, densiti, toka maandalizi mpaka mwisho.

Kwanza tuelewane ni nini kinachogeuzwa. Mtindo huu ulipata umaarufu kupitia walimu wawili wa Kemia kule Woodland Park, Kolorado, Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, ambao 2007 walianza kurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wanakosa vipindi, na hata wao walikuwa na watoto wasio na intaneti nyumbani, wakawa wanawachomea DVD. Kabla yao Eric Mazur, mwalimu wa Fizikia chuo kikuu cha Harvard, toka mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikuwa anawatuma wanafunzi wakasome kitabu kwanza, alafu muda wa darasa anautumia kuwauliza maswali na kuwaachia wabishane. Kwa Mazur hakuna video, ni kitabu tu. Maana yake kinachobeba mtindo mzima ni mpangilio wa muda: mtoto anakutana na jambo jipya peke yake, taratibu, kwa mwendo wake, alafu pale penye ugumu, pa kukokotoa na kukosea, mwalimu yupo pembeni yake. Sisi kawaida tunafanya kinyume, tunatumia dakika 80 kuandika notsi ubaoni afu maswali magumu tunampa aende nayo kwenye nyumba yenye watu tisa na taa moja.

Na usidhani shida ni vifaa tu. Kuna utafiti ulifanyika chuo cha kijeshi cha West Point Marekani, matokeo yakatoka 2019, waligawa madarasa kwa bahati nasibu, mengine yakageuzwa mengine yakafundishwa kama zamani. Kule kila mtu ana kompyuta na pa kulala pa uhakika. Hesabu ilipanda kwa muda mfupi, Uchumi haikubadilika, na pengo kati ya waliokuwa vizuri na waliokuwa nyuma likapanuka, waliofaidika zaidi ni wale ambao tayari walikuwa wanajiweza. Sasa kama huko pengo limepanuka, wewe leta hapa ambapo mtoto mmoja baba yake ana duka Mwanga mjini na mwingine anashinda mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapofikia, uone.

HATUA YA KWANZA: jua nyumbani kuna nini, bila kumwaibisha mtu

Usisimame mbele ukauliza nani hana simu nyumbani anyooshe mkono. Watadanganya. Kata karatasi ndogo ndogo, wasiandike majina, maswali manne tu: kazi za nyumbani unamaliza saa ngapi, taa mnatumia gani na inazimwa saa ngapi, ukiwa unaandika unakaa wapi, na je kuna simu ya mtu unaweza kuishika nusu saa jioni bila kugombana. Hilo la mwisho liulize hivohivo lilivyo, ukiuliza kama kuna simu nyumbani wengi watasema ndiyo, lakini ni simu ya baba na anatoka nayo.

Utakachokipata mara nyingi kitakushangaza kwenye muda kuliko kwenye vifaa. Kwetu wasichana wengi wanakuwa huru baada ya saa tatu usiku, maji, kupika, kumbeba mdogo wake, kuuza maandazi au mihogo pale nje. Wavulana wa karibu na mwalo wana ratiba yao inayofuata mwezi, kipindi cha giza mitumbwi inaingia ziwani usiku na taa kuvua dagaa, asubuhi inarudi, na kuna watoto wako pale wanabeba, wanaanika. Mbalamwezi ikiwa kubwa uvuvi unapoa na mahudhurio ya asubuhi yanarudi. Ukishalijua hilo unaelewa kwanini kazi ya nyumbani wiki hii imefanywa na wiki ijayo hakuna kitu.

Kuna watakaokwambia basi waje mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi wasome kabla ya namba. Dar labda. Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi na saa tunayotumia ni ileile ya Dar, jua letu linachomoza karibu na saa moja asubuhi, saa kumi na mbili na nusu bado giza na darasa halina umeme, na mtoto wa kike unamtembeza gizani kwa ajili ya Fizikia? Hapana. Jioni mwanga upo mpaka karibu saa moja, lakini baada ya kipindi cha mwisho njaa ipo na nyumbani anasubiriwa. Kwahiyo muda wa kusoma peke yake unabaki sehemu moja tu, ndani ya kipindi chenyewe.

HATUA YA PILI: gawa darasa, geuza ndani ya dabo

Hapa ndo moyo wa jambo, soma taratibu. Chukua vipindi vyako viwili vya kufuatana, dakika 80. Gawa darasa mara mbili, watoto 32 kundi la Maji na 32 kundi la Mawe, majina yoyote, ila usiwapange kwa uwezo, changanya. Nusu ya kwanza ya muda Maji wanasoma karatasi ya maandalizi wawili wawili, kimya, nje chini ya mwembe au upande wa nyuma wa darasa, na Mawe wako na wewe wanafanya mazoezi ya jambo walilosoma kipindi kilichopita. Nusu ya pili wanabadilishana, Mawe wanaenda kusoma karatasi hiyohiyo, Maji wanakuja kwako kuifanyia kazi moto moto. Kipindi kinachofuata Maji wanaanza na karatasi mpya wakati Mawe wanafanya mazoezi ya ile ya juzi. Basi inazunguka hivo.

Angalia ulichopata. Wewe muda wote uko na watoto 32 badala ya 64, na kila mtoto amesoma kabla hajafika kwako, siyo kwa sababu nyumbani kwao kuzuri, ni kwa sababu ulimpa muda huo shuleni. Umelipa pia, tusifichane, kila mtoto anakupata wewe dakika kama 35 hivi badala ya 80, na azimio la kazi litasogea polepole mwanzoni. Mkuu wa taaluma atakuuliza mbona uko nyuma. Ndo maana mi sigeuzi mada zote, nachagua zile ambazo watoto wanafeli kila mwaka kwa kutoelewa na siyo kwa kusahau. Densiti ni mojawapo. Mada ya orodha ya vifaa vya maabara huna sababu ya kuigeuza, wape notsi wasome.

HATUA YA TATU: karatasi ya maandalizi

Hii ndo inachukua nafasi ya video. Ukurasa mmoja mbele na nyuma, basi. Kinachoua karatasi nyingi ni lugha, mtoto ametoka darasa la saba amesoma kila kitu kwa Kiswahili, miezi michache baadaye unampa kurasa mbili za Kiingereza cha kitabu asome peke yake bila msaada, atakachofanya ni kunakili. Kwahiyo maelezo andika Kiswahili, na pembeni weka yale maneno manne matano ya Kiingereza atakayokutana nayo kwenye mtihani, yaandike vilevile kama kitabu kinavyoyaandika, na swali la mwisho liwe kwa Kiingereza chepesi ili aanze kuzoea.

Karatasi yangu ya densiti inaenda hivi. Inaanza na kitu anachokijua: chukua chupa ya maji na kidumu cha mawese vya ujazo uleule, kipi kizito, na ukimimina mawese juu ya maji yanakaa wapi. Alafu mistari mitatu minne inayosema densiti ni masi iliyomo ndani ya ujazo mmoja. Alafu fomula.

```
ρ = m / V
```

Alafu mfano uliofanywa wote, mawese 50 ml yana masi 45 g, kwahiyo densiti ni 0.9 g/cm³, maji ni 1.0, ndo maana mawese yanakaa juu. Kila baada ya aya kuna kijiswali cha kuandika jibu kwenye daftari, maana mtoto asiyeandika kitu anasoma kwa macho tu na akili iko Kibirizi. Mwisho kuna mstari mmoja muhimu: andika jambo moja ambalo hujalielewa. Mtoto akiandika nimeelewa yote, mrudishie, mwambie aulize hata swali la kizembe.

Kopi: wanaosoma kwa wakati mmoja ni 32, wawili wawili, maana yake nakala 16 tu kwa darasa zima. Ukiweka kopi shilingi 100 kwa ukurasa, kurasa mbili, ni shilingi 3,200, na majibu yanaandikwa kwenye daftari siyo kwenye karatasi, kwahiyo mkondo mwingine unatumia zilezile na mwakani unatumia zilezile. Ziweke kwenye mifuko ya plastiki ile ya faili, vinginevyo wiki mbili zimechakaa. Kama hata hiyo hela hakuna andika kwenye manila kubwa mbili uzitundike, inafanya kazi ila wa nyuma hawaoni. Nusu ya nakala badilisha namba za mfano wa mwisho, nane hivi nane vile, ukikuta mtoto ana jibu la karatasi ambayo hakupewa unajua amenakili na huna haja ya kupiga kelele.

Na simu yako ticha? Iache kwenye mkoba. Simu moja wanaiona watoto sita saba, wengine 25 wanapiga stori, na video ikiisha nusu hawakusikia. Karatasi mtoto anarudi nyuma kusoma mstari tena, kwenye simu ya mtu anaona aibu kusema rudisha.

HATUA YA NNE: dakika 35 za kuwa na wewe

Wakifika kwako usirudie kufundisha. Huu ndo mtihani mkubwa kwetu sisi walimu, mdomo unawasha. Ukianza kueleza upya kile kilichoko kwenye karatasi, kufika wiki ya tatu wote wameshajua kwamba kusoma hakuna maana kwa sababu ticha atasema tena.

Anza na swali moja la kufikiri, lisilo na hesabu. Langu ni hili: jiwe limepasuliwa vipande viwili vinavyolingana, densiti ya kila kipande ni ipi? Jibu la kwanza, nusu ya ile ya mwanzo; la pili, ileile; la tatu, mara mbili yake. Wafumbe macho, waweke vidole kifuani, kimoja viwili au vitatu, hakuna anayemuona mwenzake, wewe unahesabu haraka. Mazur ana kipimo chake ambacho kinasaidia sana: waliopata wakiwa chini ya asilimia 30 basi dhana haijaingia, eleza kidogo, wakiwa kati ya 30 na 70 wageukiane wabishane dakika mbili tatu afu wapige kura tena, wakizidi 70 eleza kwa ufupi songa mbele. Kwa watoto 32 maana yake chini ya 10, kati ya 10 na 22, juu ya 22.

Kwenye kura ya kwanza wengi huwa wanasema nusu. Na pale kwenye kubishana ndo utasikia vitu, binti mmoja anamwambia mwenzake, "We sasa jiwe si limepungua, uzito umepungua, densiti itabakije palepale?" mwenzake anamjibu, "Na ukubwa je haujapungua? Vyote vimekatwa nusu, gawanya uone." Yule wa kwanza anakaa kimya anaandika 80 gawanya kwa 40, anaandika 40 gawanya kwa 20, anacheka. Mimi nikisema hilo jambo mara kumi ubaoni haliingii kama linavyoingia hapo.

Baada ya hapo kazi ya mikono, makundi ya wanne wanne, makundi nane. Maabara yetu ina mzani mmoja, ukisema kila kundi lipime masi kipindi kinaisha kwenye foleni. Kwahiyo mawe napima mimi siku moja kabla na kuandika gramu kwa makapeni juu ya jiwe. Wao wanatafuta ujazo, kwa chupa ya maji iliyokatwa juu na bomba la sindano jipya la 10 ml, lisilo na sindano. Wanaweka maji nusu, wanachora alama, wanazamisha jiwe, maji yanapanda, alafu wananyonya maji kwa bomba mpaka yarudi kwenye alama, kiasi kilichonyonywa ndo ujazo wa jiwe. Jiwe la 81 g likitoa mabomba matatu kamili ni 30 ml, densiti 2.7 g/cm³, mawe mengi magumu yanaangukia hapo karibu.

Sasa faida ya wewe kuwa pale unapita huku na huku, jibu lenyewe linakwambia kosa liko wapi. Kundi limeandika 0.37 wamegeuza fomula, wamegawanya ujazo kwa masi. Wameandika 2,430 wamezidisha. Wamepata 3.2 au 3.5 ujazo wao ni mdogo kuliko unavyotakiwa, angalia kama jiwe limezama lote au waliacha kunyonya kabla maji hayajarudi kwenye alama. Wamepata 1.8 angalia, huenda bomba lilivuta hewa likaonekana limejaa, au wamechukua kipande cha tofali la kuchoma badala ya jiwe, lile lina matundu, na likitoa mapovu ndani ya maji ujazo unabadilika wakiwa wanaangalia. Mtoto mwenye 0.37 ukimwambia tu umekosea anafuta, muulize jiwe lenye 0.37 likiwekwa ziwani litafanyaje, aseme mwenyewe litaelea, aone kuna tatizo.

Dakika tano za mwisho swali moja kwenye karatasi, peke yake, la Kiingereza kama litakavyokuja kwenye mtihani. Hizo ndo unazisahihisha usiku, 32 kwa kila kundi, robo saa kwa kundi.

HATUA YA TANO: kundi lililo peke yake

Hapa ndo mtindo unapofia. Watoto 32 nje bila mwalimu, wiki ya kwanza ni kelele. Kinachosaidia siyo monita kuandika majina ya wapiga kelele, ni kazi kuwa na kipimo kinachoonekana, karatasi ina vijiswali vitano na kila dakika saba monita anagonga kengele kusema mko swali la ngapi. Wakae mahali unapoweza kuwaona kwa dirisha. Na usiwape karatasi ya dakika 20 kwa muda wa dakika 35, hizo 15 zinazobaki ndo za vurugu, weka swali la ziada la waliomaliza. Mvua za masika mwembe haufai, mnabanana ndani, kimya kinakuwa hakipo, siku hiyo fundisha kawaida.

Dalili kwamba hawasomi: safu ya jambo ambalo sijaelewa inafanana neno kwa neno kwa watu kumi, au kwenye kura ya vidole kundi lililosoma leo linajibu kama watu ambao hawajasoma kabisa. Ukiona hivo mara mbili mfululizo karatasi yako ni ngumu au ndefu, usianze na watoto, ipunguze.

NYUMBANI WAPEWE NINI

Kitu kisichohitaji mwanga, kimya, hela wala simu, na ambacho asiyekifanya hataachwa nyuma. Kwenye densiti mi nawaambia tu wakaangalie jikoni vitu vitatu vinavyoelea na vitatu vinavyozama, au wamuulize mama anavyojua mawese yamechanganywa na maji. Anayeosha vyombo saa mbili usiku anaweza kuifanya huku anaosha. Maswali kumi ya kukokotoa yabaki shule.

Wanaokosa kipindi, hasa wale wa mwaloni wiki za giza, hapa karatasi inakuokoa kuliko notsi za ubaoni. Nakala mbili za kila karatasi zinakaa kwenye boksi kwa monita, mtoto akirudi anachukua, anaisoma na kundi linalosoma siku hiyo wakati wenzake wako kwenye mpya, na nusu ya pili anaingia na kundi lolote ambalo linafanya mazoezi. Atakuwa nyuma karatasi moja. Akiwa nyuma karatasi tatu mtindo haumsaidii tena, huyo kaa naye wewe mwenyewe mchana, na ongea na mzazi kuhusu mwalo.